Wasifu wa msaidizi wa mtandaoni aliye Mwanza: saa zako, umeme wako na taarifa ya jioni

*“Shikamoo dada. Nina miaka 26, naishi Nyakato, Mwanza. Nilikuwa karani wa kampuni ya mizigo Kirumba kwa miaka mitatu: naingiza oda 30 hadi 40 kwa siku kwenye Excel, nawafuatilia madereva kwa simu, jioni namtumia bosi ripoti. Sasa natafuta kazi ya msaidizi wa mtandaoni kwa wateja wa Uingereza na Marekani. Kwenye wasifu nimeandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, najua Microsoft Office, nawasiliana vizuri na napatikana saa 24 siku 7. Naomba kazi kila siku, hakuna anayejibu. Rafiki yangu anasema nifute Mwanza niandike London, eti wazungu wakisikia umeme wetu hawaniajiri. Nifanyeje?”*

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la rafiki yako, maana hilo linaweza kukuharibia kabla hujaanza. Usiandike London. Mitandao ya kazi kama Upwork hudai kitambulisho, na jina na nchi yako lazima vilingane nacho. Ukivuka hapo, mteja wa Marekani anaweza kukutumia fomu iitwayo W-8BEN, ambayo mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani hujaza kueleza anaishi nchi gani. Utajaza nini? Na hata fomu isipoletwa, siku moja utakuwa kwenye simu ya video, nje kwako giza limeingia, na London jua bado linawaka. Kazi hii mteja anakukabidhi kalenda yake, barua pepe zake, pengine na nywila. Akigundua umedanganya mji unaoishi, hatangoja ueleze sababu.

Tena Mwanza si aibu ya kuficha. Una kitu ambacho msaidizi wa Manila au wa Manchester hana: unaweza kumpigia dereva aliyekwama Shinyanga, ukaongea naye Kiswahili, ukajua kama “nafika sasa hivi” yake ni ya nusu saa au ya kesho. Kuna biashara za nje zinazonunua kahawa, zinazouza safari za Serengeti, zinazopitisha makontena bandari ya Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo akiona Mwanza kwenye wasifu, kwake ni sifa.

Sasa tuje kwenye kinachokunyima majibu. Nimekuwa nikiwasomea wateja maombi ya wasaidizi, najua wanavyosoma. Mara nyingi anayetafuta msaidizi wa mbali ameshawahi kuwa na mwingine aliyemuumiza, na kilichomuumiza si Excel. Ni ukimya. Alimpa mtu kazi Jumatatu, Jumanne kimya, Jumatano kimya, Alhamisi akaambiwa mtandao ulikuwa mbaya. Kwa hiyo anaposoma wasifu wako anatafuta mambo matatu: utakuwepo saa ngapi za kwake, likitokea la kutokea utafanya nini, na yeye atajuaje kwamba kazi inakwenda. “Mchapakazi, mwaminifu” haijibu hata moja. Yule aliyemkimbia naye aliandika hivyohivyo.

Hiyo “saa 24 siku 7” ndiyo inayokuangusha zaidi. Wewe uliiweka kuonyesha kujitolea. Mteja anajua kila mtu hulala, kwa hiyo ahadi ya kwanza anayoisoma kutoka kwako ni ambayo haiwezekani. Anaanza kujiuliza na zile nyingine. Ifute, uweke saa kamili.

Tanzania tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima, saa zetu hazibadiliki. Wao hubadili. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Maana yake, London ikiwa 9:00 asubuhi, sisi huwa 11:00 (saa tano asubuhi) kipindi chao cha joto, na 12:00 (saa sita mchana) kipindi chao cha baridi. New York ikiwa 9:00 asubuhi, sisi ni 16:00 (saa kumi jioni) au 17:00 (saa kumi na moja jioni).

Tazama siku yako inavyokaa. Mteja wa London anayetaka uwepo 9:00 hadi 17:00 zake, wewe utafanya kazi saa tano asubuhi hadi saa moja usiku wakati wa joto lao, na saa sita mchana hadi saa mbili usiku wakati wa baridi. Hilo linawezekana ukiwa nyumbani Nyakato, na asubuhi yako yote inabaki. Mteja wa New York kwa saa hizohizo atakupeleka hadi saa sita usiku, na wakati wa baridi hadi saa saba. Wapo wanaoyaweza maisha hayo. Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni uingie kwa London, na kwa New York utoe saa nne tu za kuwa pamoja, 9:00 hadi 13:00 zao, kazi nyingine uifanye asubuhi yako wakati wamelala. Los Angeles iache kwa sasa: 9:00 yao ni saa moja au saa mbili usiku kwetu, kazi yote itakuwa ya usiku.

Kwenye wasifu andika kwa saa za mteja: “Jumatatu hadi Ijumaa, 9:00–17:00 saa za London, mwaka mzima.” Hesabu ya kusogea saa moja Machi na Oktoba ni yako, usimtwike yeye. Andika jina la mji na uepuke vifupisho. Nimeona mtu akiandika EST akikusudia saa za Afrika Mashariki, mteja akaelewa New York, wakapishana saa nane kwenye mkutano wa kwanza. Na kuna mtego wetu wenyewe: sisi tukisema saa tatu asubuhi tunajua ni 9:00, lakini ukiwa umechoka, kidole kinaandika 3:00 kwenye mwaliko. Jizoeze kuandika kwa mtindo wa saa 24 kila mahali, hata kwenye daftari lako, na kwenye Google Calendar washa eneo la saa la pili ili uone London na Mwanza zikiwa bega kwa bega.

La umeme lina pande mbili. Wapo wanaoshauri usiliguse kabisa kwenye wasifu, kwamba unampa mteja hofu ambayo hakuwa nayo. Wana hoja ikiwa kazi unayoomba haina haraka, kama kusafisha orodha za majina au kupanga mafaili: pale hakuna anayejali kama ulikatikiwa kwa muda wa saa tatu, mradi kesho kazi ipo. Lakini ukiomba kazi ya kupokea simu, kujibu wateja papo hapo au kuendesha mikutano, mteja atafikiria umeme hata usipoutaja, na atajijibu mwenyewe vibaya. Hapo weka sentensi moja, iliyoandikwa kama utaratibu wako wa kazi bila kuomba radhi.

Ila sentensi hiyo lazima iwe kweli, na ukweli wake unapimwa nyumbani. Tuseme rauta yako imeandikwa volti 12, ampia 1. Hiyo ni wati 12 ikitumia zote. Ukinunua kile kibetri cha rauta kilichoandikwa 8,800 mAh, usidhani ni kikubwa sana: namba hiyo kwa kawaida huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. 8,800 mAh ni ampia-saa 8.8; zidisha kwa 3.7 upate kama wati-saa 32 na nusu. Gawa kwa 12, unapata saa mbili na dakika arobaini hivi, na nyingine hupotea njiani umeme unapopandishwa kufika volti 12. Kwa upande mwingine rauta nyingi hazitumii wati zote zilizoandikwa, kwa hiyo inaweza kudumu zaidi. Jibu la uhakika ni kupima. Chaji kibetri na laptopu vijae, chomoa vyote ukutani, fanya kazi ya kawaida pamoja na simu moja ya video, uangalie saa vinapozima. Vikidumu saa mbili na nusu, kwenye wasifu andika mbili. Rudia kipimo kila baada ya miezi michache, maana betri huchoka.

Jambo la pili ni laini. Uwe na laini za data za kampuni mbili tofauti, na ile ya pili iwe na bando ndani muda wote. Ukiwa na mbili za kampuni moja, huo mtandao ukilala umelala na zote. Usiamini tu vijistari vya mtandao kwenye simu: pima kasi ya kupakia, ile ya kutoka kwako kwenda nje, kwa sababu hiyo ndiyo inayofanya sura yako igande kwenye Zoom huku wewe ukimwona mwenzako vizuri. Ipime saa zile utakazofanya kazi, hasa jioni mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Na ujue ikiwa umeme umekatika eneo kubwa kwa muda mrefu, hata minara huanza kuzimika. Kwa siku hiyo uwe na sehemu yenye jenereta uliyokwisha kuikagua, unayoifikia kwa bodaboda. Wakati wa masika, radi zinapolia upande wa ziwani, chomoa vifaa ukutani mapema ufanyie kazi betri.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, kuweka inveta ya nyumba nzima, hapo usitegemee maandishi yangu. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aje aone waya zako na mzigo unaotaka kubeba. Inveta iliyofungwa ovyo huunguza nyumba.

Kuhusu zana, “Microsoft Office” peke yake haisemi kitu, kwa sababu anayeweza kuandika barua tu na anayeweza kulinganisha mafaili mawili ya mizigo wote huandika hivyo. Wewe umefanya kazi Kirumba miaka mitatu. Nina hakika ulikuwa na orodha ya mizigo iliyotoka na orodha ya iliyopokelewa, ukazilinganisha kujua uliokwama. Kama ulitumia VLOOKUP, ile fomula ya Excel ya kutafuta kitu cha orodha moja ndani ya nyingine, itaje pamoja na ulichokitafutia. Kama ulikagua kwa macho mstari kwa mstari, jifunze VLOOKUP wiki hii, kisha uitaje. Kipimo changu ni hiki: usitaje zana ambayo huwezi kuitumia mteja akiwa anatazama kioo chako. Nne au tano zinatosha. Excel unayo. Ongeza Google Calendar, Slack ya ujumbe wa kazi na Trello ya kupanga kazi, ambazo zote unaweza kuzifungua bure na kujizoeza kwa kuzitumia na ndugu au rafiki kupanga jambo la kweli, hata harusi ya mtu. Halafu ujifunze kutunza nywila kwenye programu kama Bitwarden, kwa sababu swali la “nywila zangu utaziweka wapi?” linakuja, na ukijibu “kwenye WhatsApp” mazungumzo yameishia hapo.

Sasa ile ripoti ya jioni. Umeitaja kama jambo la kupita, wakati ndiyo silaha yako. Kumwandikia bosi kila jioni kwa miaka mitatu bila kusukumwa ndicho anachokitafuta yule mteja aliyeachwa kimya. Ifanye iwe ahadi, na uonyeshe inafananaje. Kwa mteja wa kuagiza bidhaa ingekuwa hivi:

> Zilizokamilika: oda 34 zimeingizwa, ankara 6 zimetumwa.
> Zinazosubiri: kontena la pili, wakala wa Dar anathibitisha kesho kabla ya 10:00 saa za London.
> Nahitaji kutoka kwako: idhini ya bei mpya ya usafiri, kabla ya Alhamisi 12:00 saa za London.

Mistari mitatu. Anaisoma akiwa amesimama, na usiku hatalala akijiuliza. Weka pia muda wa kujibu ujumbe, na hapo jizuie. Ukiweza kujibu ndani ya nusu saa, ahidi saa moja. Ukiahidi dakika tano, siku ya kwanza utakapokwenda msalani utakuwa umevunja ahadi.

Tukiyakusanya haya, wasifu wako unaweza kusomeka hivi. Nimeuandika kwa Kiswahili ili uone mpangilio. Wewe utauandika kwa Kiingereza chako mwenyewe:

> Nashughulikia oda, ufuatiliaji wa mizigo na kalenda kwa biashara zinazofanya kazi na Afrika Mashariki. Napatikana Jumatatu hadi Ijumaa, 9:00–17:00 saa za London, mwaka mzima, na kila jioni unapata taarifa ya mistari mitatu: kilichokamilika, kinachosubiri, ninachohitaji kutoka kwako.
>
> Kwa miaka mitatu nilikuwa karani wa kampuni ya mizigo Mwanza, Tanzania. Niliingiza oda 30 hadi 40 kwa siku kwenye Excel, nikalinganisha mizigo iliyotoka na iliyopokelewa, na kuwafuatilia madereva kwa simu hadi mzigo ufike. Nazungumza Kiswahili na Kiingereza.
>
> Ujumbe wa Slack au barua pepe najibu ndani ya saa moja katika saa za kazi. Nina intaneti ya kampuni mbili na betri inayobeba laptopu na rauta kwa saa mbili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu nahamia sehemu yenye jenereta, na nakujulisha kabla ya kuhama. Natumia Excel, Google Calendar, Slack na Trello, na nywila zako hukaa kwenye Bitwarden.

Angalia sentensi mbili za kwanza. Kwenye Upwork, mteja anapotafuta watu huonyeshwa mwanzo tu wa maelezo yako. Yanayofuata lazima abonyeze. Wewe ulianza na “mchapakazi”, kwa hiyo mengi mazuri uliyonayo hayakusomwa kabisa. Angalia pia ambacho sikuweka: namba ya simu na barua pepe. Upwork hairuhusu kubadilishana mawasiliano kabla ya mkataba, na akaunti inaweza kufungiwa kwa hilo. Jina la kampuni yako ya zamani na la wateja wake nayo yaache nje, isipokuwa wamekuruhusu. Anayekuajiri akitaka mtu wa kukuthibitisha, utampa faraghani.

Neno “mwaminifu” limeondoka, lakini kila mstari sasa mteja anaweza kuukagua wiki ya kwanza. Ndiyo sababu usinakili hata sentensi moja hapo ambayo bado si kweli kwako. Kama huna laini ya pili, kata hiyo, uirudishe ukiipata. Mteja wa New York naye aandikiwe toleo lake lenye saa zake. Usichanganye miji miwili kwenye wasifu mmoja.

Kabla hujaupandisha, mtafute mtu wa ana kwa ana ambaye Kiingereza cha kazi ni chakula chake cha kila siku: mwalimu, mtu wa mapokezi kwenye hoteli za watalii pale mjini, mhasibu wa shirika. Kaa naye, mpe asome kwa sauti mbele yako. Pale anapokwama au kurudia, hapo ndipo mteja atakapokwama.

Na ukianza kulipwa, mambo mawili yanahitaji ofisi. Kodi ya mapato yanayotoka nje ukaulize TRA hapo Mwanza, ukiwa na TIN yako, ambayo hutolewa bure. Kila mtu hali yake ni tofauti na majibu ya mitandaoni yanapotosha. Mteja akikuletea mkataba wa kushika taarifa za watu, wagonjwa au wateja wake, uonyeshe kwa mwanasheria kabla ya kusaini, kwa kuwa hata huku Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Na yeyote anayekuambia ulipe ada ili upate kazi, au upokee fedha kwenye akaunti yako umtumie mtu mwingine, huyo si mwajiri. Mfungie, usimjibu.

Anza na kile kipimo cha betri, kesho saa tano asubuhi, au saa sita mchana ikiwa ni kipindi chao cha baridi, saa ileile ambayo mteja wa London atakuwa anakaa mezani. Ukishajua namba yako, nafasi iliyobaki kwenye wasifu inajazwa kwa dakika chache.